Mkato wa mfinyanzi mita 8: mshauri anatumia Su, mkaguzi anataka c' na φ'. Nani yuko sahihi?

#1 KijanaWaSaiti

Wakuu, salaam. Nipo saiti ya barabara, tuna mkato wa mita 8 kwenye mfinyanzi mgumu wa kijivu, mteremko 1:2. Kuchimba kutachukua kama miezi mitano. Mshauri amefanya hesabu moja tu, ile ya maji kufungwa ndani ya udongo. Su, yaani nguvu ya udongo maji yakiwa yamefungwa, ni 60 kPa, uzito wa udongo 19 kN kwa mita ya ujazo, na kigezo cha usalama, FS, kikatoka 2.2. Akafunga faili.

Mkaguzi wa mwenye mradi amelirudisha. Anataka na hesabu ya muda mrefu, ya maji huru, kwa mshikamano c' na pembe ya msuguano φ' pamoja na presha ya maji. Mshauri kakasirika. Anasema mfinyanzi haupitishi maji, kwa hiyo Su inatosha, na tena kadiri miaka inavyokwenda udongo unazidi kukaza, kwa hiyo siku mbaya kuliko zote ni siku ya kumaliza kuchimba. Mimi ndiye ninayebeba barua kati yao. Nani yuko sahihi?

#2 Nondo12

Mshauri yuko sahihi. Mchanga ni maji huru, mfinyanzi ni maji yaliyofungwa, ndivyo tulivyofundishwa wote. Nimejenga matuta ya barabara kwenye mabonde ya mfinyanzi laini na ni vilevile alivyosema: likishapita salama siku ya kumaliza kumwaga kifusi, halianguki tena. Maji yanakamuliwa taratibu, udongo wa chini unashikamana, nguvu inapanda. FS ya 2.2 ni kubwa mno, huyo mkaguzi anatafuta ukurasa wa kuandika jina lake.

#3 MamaPizomita

Nondo12, hayo ya tuta nakubaliana nawe neno kwa neno. Lakini kijana hakuuliza tuta, ameuliza mkato, na mkato ni kinyume cha tuta.

Ukimwaga kifusi juu ya mfinyanzi laini unaubebesha mzigo. Maji ya ndani hayana pa kukimbilia, kwa hiyo presha yake inapanda juu ya kawaida. Siku unamaliza kumwaga ndiyo siku presha iko juu kabisa na udongo uko dhaifu kabisa. Baadaye maji yanatoka, presha inashuka, nguvu inaongezeka. Kwa hiyo kwenye tuta hesabu ya Su ndiyo inayotawala, na ukiipita hiyo umepona.

Ukichimba unafanya nini? Unautua mzigo. Udongo uliokuwa umebanwa na mita 8 juu yake unataka kufutuka, na maji hayawezi kuingia haraka kujaza nafasi. Presha ya maji inaanguka chini ya ile ya kawaida, wakati mwingine inakuwa hasi kabisa, na hiyo presha hasi inazibana chembe pamoja. Ndiyo maana mkato mpya wa mfinyanzi unasimama vizuri hata ukiwa mkali. Lakini hiyo nguvu ni ya kukopa. Miezi na miaka inapopita maji yanaingia, presha inarudi juu, udongo unavimba na kulegea. Siku ya kumaliza kuchimba ndiyo siku yake *nzuri* kuliko zote.

Kwa hiyo mkaguzi yuko sahihi kuomba, na mshauri yuko sahihi kwamba hesabu yake inahitajika. Alichokosa ni kuichukulia kama ndiyo mwisho wa habari. Watafiti Bishop na Bjerrum walikwisha kuipanga tofauti hii mwaka 1960, si jambo jipya.

#4 ShambaLaMlimani

Jamani mnapigana na herufi za Kigiriki wakati jambo ni dogo. Ikiwa tatizo ni maji huru au kufungwa, chimbeni mfereji mzuri juu ya mkato, maji ya mvua yasiingie. Kwetu mlimani tunafanya hivyo miaka yote na shamba halishuki.

#5 MamaPizomita

Ndugu yangu, mfereji wa juu uchimbwe, nakuunga mkono, ila hilo ni swali jingine. Hapa tunaulizana ni nguvu gani ya udongo tuiweke kwenye hesabu. Hata mteremko usiopata tone la mvua kutoka juu una maji yake ndani, kwa sababu maji ya ardhini yapo pale tangu zamani. "Maji huru" haina maana kwamba mteremko ni mkavu. Ina maana presha imeshatulia na haibadiliki tena kwa sababu ya kuchimba. Inaweza kutulia ikiwa juu sana.

#6 KijanaWaSaiti

Asanteni. Mama, hilo la mwisho limenigusa, kwa sababu leo asubuhi msaidizi wa mshauri ametuma hesabu ya muda mrefu ili kumnyamazisha mkaguzi. Ametumia nguvu ya kilele kutoka kipimo cha maabara cha traiaksio, c' = 12 kPa na φ' = 22°, akaweka maji sifuri. FS imetoka 1.44. Kaandika "mteremko umechukuliwa katika hali ya maji huru". Mshauri anasema sasa hata hiyo imepita.

#7 MamaPizomita

Basi hapo pana makosa mawili, na nitayaonyesha kwa hesabu ya mkono. Naona ametumia kanuni ya mporomoko sambamba na uso, maana kwa kina cha mita 2.5 nami napata 1.44 ileile. Tuitumie hiyohiyo, γ ikiwa uzito wa udongo, z kina, β pembe ya mteremko na u presha ya maji:

```
FS = [c' + (γ·z·cos²β − u)·tanφ'] / (γ·z·sinβ·cosβ)
```

Kwa mteremko 1:2, cos²β ni 0.8 na sinβ·cosβ ni 0.4. Udongo wa mita 2.5 una uzito wa 47.5 kPa. Kinachosukuma chini ni 19. Kinachozuia, bila maji, ni 12 + 38 × 0.404, yaani 27.4. Ukigawa unapata 1.44.

Sasa weka maji. Chukua presha ya robo tu ya uzito wa udongo wa juu, kama 12 kPa, ambayo kwa mkato wa zamani wa mfinyanzi si nyingi. Zile 38 zinabaki 26. FS inashuka hadi 1.18. Hilo ni kosa la kwanza.

La pili ni ile c' ya 12. Ni nguvu ya kilele ya sampuli ndogo iliyokuwa imebanwa chini ya ardhi. Ukishachimba, udongo unavimba, nyufa zake zinafunguka, na mshikamano ndio unaokuwa wa kwanza kuondoka. Kwa mfinyanzi mgumu wenye nyufa, muda mrefu mimi siweki zaidi ya 1 au 2. Weka 2: FS ni 0.66.

Ni hesabu ya haraka, na mkato wa mita 8 una kitako kinachosaidia, kwa hiyo hesabu ya mporomoko wa mduara itatoa namba nzuri kidogo kuliko hiyo. Lakini tazama safari yenyewe: mteremko uleule, udongo uleule, kutoka 2.2 hadi 0.66. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Tofauti yote iko kwenye kuchagua hali.

#8 Nondo12

Mama, heshima zako zipo, lakini 0.66 maana yake mkato huo haupo, umeshalala barabarani. Mimi nina mkato wa 1:1.5, mkali kuliko huo, mfinyanzi mwekundu, umesimama zaidi ya miaka kumi na majani yameota juu yake. Kanuni yako ingesema ulianguka kabla sijanywa chai. Kati ya mkato ninaouona kwa macho na kanuni ya karatasi, mimi nitaamini macho.

#9 MzeeWaReli

Miaka kumi si ushahidi, mwanangu. Sikiliza ya Londoni, maana mfinyanzi wao ndio uliochunguzwa kuliko wote duniani. Reli zao zilikatwa kwenye mfinyanzi mgumu, wenye nyufa, unaofanana sana na huu anaoueleza kijana. Mkato wa Sudbari Hili ulichimbwa 1900, ukaanguka 1949. Wa Kensali Grini 1912, ukaanguka 1941. Wa Northolti 1936, ukaanguka 1955. Wahandisi walioichimba walikuwa wamestaafu au wamekufa. Mhandisi Skempton wa Uingereza aliichukua yote hiyo na kuifanyia hesabu kwenye mhadhara wake wa 1964.

Nguvu ya kilele maabara ilikuwa c' kama 15 kPa na φ' 20°. Kwa namba hizo mikato isingeanguka. Lakini ilianguka.

#10 HesabuKwanza

Marekebisho madogo kwa Mzee: Kensali Grini ulikuwa ukuta wa kuzuia udongo, si mteremko mtupu. Na Northolti mwaka 1936 ni wa kuupanua mkato, si wa kuuchimba mara ya kwanza. Hoja yako inabaki palepale.

Ila hapa ndipo penye ubishi wa kweli, kwa nini zilichelewa hivyo. Zamani maelezo yalikuwa kwamba udongo wenyewe unalegea taratibu kupitia nyufa, nguvu inapungua mwaka hadi mwaka. Kisha mwaka 1973 watafiti Vaughan na Walbancke wakapima presha ya maji ndani ya mikato na kukuta bado haijarudi juu baada ya miaka mingi. Yaani kilichokuwa kinachelewa ni maji, si nguvu. Skempton mwenyewe mwaka 1977 akakubali. Akatumia c' ya 1 tu na φ' ya 20, akasema presha inatulia kwenye robo hadi theluthi ya uzito wa juu, na inaweza kuchukua miaka 40 au 50 kufika hapo.

#11 MzeeWaReli

Nashukuru kwa kunisahihisha ukuta. Kuhusu kulegea, sikubali kwamba limeisha. Ikiwa ni maji peke yake, mbona nguvu iliyopatikana kwenye mianguko ni ndogo hivyo kuliko ya kilele? Kuna kitu kilitokea kwenye udongo pia.

#12 HesabuKwanza

Kuna kundi la tatu linalojibu hilo. Potts, Kovačević na Vaughan, mwaka 1997, waliiga mkato kwa kompyuta wakaonyesha kwamba uharibifu unaanza kwenye kitako, unapita kilele pale, nguvu inashuka, mzigo unahamia sehemu ya jirani, nayo inapita kilele, hivyo hivyo hadi ndani. Siku mteremko unapoanguka hakuna wakati ambapo uso wote wa kukatikia uko kwenye kilele. Wastani unatoka mdogo bila udongo wote kulegea. Mimi naegemea huko, lakini kusema kweli mambo yote matatu yanaweza kuwapo kwenye mkato mmoja.

Tukirudi kwa kijana, kuna hesabu moja inayowasaidia wote, ya muda. Chukua cv, yaani kipimo cha kasi ya presha kutulia ndani ya udongo, ya mita za mraba 1 kwa mwaka na njia ya maji ya mita 4. Kigezo cha T ni cv mara muda, gawanya kwa mraba wa hiyo njia. Wengi wanasema T ikiwa chini ya 0.01 maji bado yamefungwa, ikizidi 3 yako huru. Kwa miezi yako mitano T ni 0.026. Si kufungwa kabisa, si huru, ila iko karibu sana na kufungwa. Kufika 3 unahitaji miaka 48. Linganisha na ile 49 ya Sudbari Hili. Siyo uthibitisho, lakini inatia moyo kwamba tunazungumza lugha moja na ardhi.

#13 MamaPizomita

Vizuri sana. Ila cv ya maabara inatoka kwenye kipande kinene kama kidole. Saiti kuna nyufa, kuna mishipa ya mchanga, kuna mizizi. Maji yanapita huko kwa kasi ambayo kipande hakiijui. Hiyo 48 inaweza kuwa 10. Kwa hiyo asije mtu akasema "basi tuna miaka 48 ya kujipanga".

#14 OtienoWaUdongo

Habari zenu kutoka Nairobi. Nataka kumtetea Nondo12 kidogo. Mkato wake ni wa udongo mwekundu. Udongo wetu mwekundu wa volkano si mfinyanzi wa Londoni, bwana. Mhandisi Terzaghi alilishughulikia bwawa la Sasumua, lile linaloleta maji Nairobi, na mwaka 1958 akaandika juu yake. Ukiutazama kwa vipimo vya kawaida vya unyevu, ule mfinyanzi ulionekana mbaya, wa kutiliwa shaka. Lakini msuguano wake ulikuwa mkubwa kuliko vipimo vile vilivyotabiri, kwa sababu madini yake ya haloisaiti yameshikamana katika vidonge vidogo vigumu. Tena mara nyingi maji ya ardhini yapo chini sana, kwa hiyo sehemu ya juu haijajaa maji kabisa.

Hivyo mkato mwekundu wa 1:1.5 kusimama miaka kumi hakunishangazi. Lakini hautuambii lolote juu ya mfinyanzi wa kijivu uliojaa maji. Nondo, umelinganisha ndizi na mhogo.

#15 Nondo12

Haya, hapo nimekuelewa, Otieno. Lakini basi mtuambie wazi: hesabu ya Su kwa mkato haina kazi kabisa? Maana Mama alisema inahitajika.

#16 OtienoWaUdongo

Inahitajika, kwa sababu watu wapo chini ya huo mkato wakati wa kuchimba. Na hata hiyo isikupe usingizi mzito. Bradweli, Eseksi, 1957, walichimba shimo la karibu mita 15 kwenye mfinyanzi uleule wa Londoni kwa ajili ya kinu cha nyuklia. Lilianguka ndani ya siku chache. Siku, si miaka. Na hesabu ya Su ya maabara ilikuwa imetoa FS iliyozidi 1.5 bila wasiwasi.

Kilichotokea ni kwamba sampuli ndogo zinapita katikati ya nyufa. Ukipima kipande cha milimita 38 unapima bonge lililo zima, lakini mteremko unakatika kwenye mipasuko kati ya mabonge.

Kijana, fanya hivi kesho: chukua bonge la ukubwa wa kichwa kutoka kwenye uso uliochimbwa leo, livunje kwa mikono bila kulikata kwa kisu. Likipasuka kwenye nyuso laini zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, na uso mmoja ukitelezea juu ya mwingine, basi ile 60 yako ni ya bonge, si ya mlima. Likichanika ovyo na kuacha uso wa kukwaruza, una nafuu.

#17 DadaWaLambo

Samahani kuingia katikati, lakini mmenipa jibu la jambo lililotusumbua kijijini. Tuna lambo la mifugo, tuta lake ni la mfinyanzi. Lilisimama misimu kadhaa bila shida. Kiangazi kimoja tukafungua maji yote kwa siku chache ili tutoe tope. Upande wa ndani, ule uliokuwa na maji, ukamomonyoka wote kama umekatwa na kijiko kikubwa, ufa ukatokea karibu na njia ya juu. Upande wa nje ulibaki mzima. Wazee wakasema tumeudhi maji. Fundi aliyejenga akasema tuta lilikuwa "limeshakaza", haliwezi kuanguka. Je, hii ni ile ya maji kufungwa au ya maji huru?

#18 MamaPizomita

Dada, ni zote mbili kwa pamoja, na ndiyo maana inawachanganya watu. Kabla hamjafungua, tuta lilikuwa limetulia miaka, presha yake ilikuwa ya muda mrefu kabisa. Maji ya bwawa yalikuwa yanausukuma uso wa ndani na kuushikilia. Mkayaondoa kwa siku chache. Kile kilichokuwa kinaushikilia kimekwenda, lakini maji yaliyomo ndani ya mfinyanzi hayakupata muda wa kutoka. Kwa hiyo unaingia na presha ya zamani halafu unaukata udongo haraka kabla haijashuka. Upande wa nje haukuguswa kwa sababu hakuna kilichobadilika kwake.

Mabwawa makubwa nayo yamepatwa na hilo. Bwawa la San Luisi kule Kalifonia lilifanya kazi miaka mingi, kisha 1981 maji yakashushwa mno, mteremko wa upande wa maji ukateleza. Mkijaza tena, mkihitaji kutoa maji, yatoeni polepole kwa wiki nyingi, na mtu awe anatazama ile njia ya juu kila asubuhi.

#19 DadaWaLambo

Ahsante mama. Nitawasomea kwenye kikao cha maji.

#20 Nondo12

Hapo kwenye tuta narudi kwenye eneo langu, maana naona watu wengine wataondoka humu wakidhani "c' na φ' ndiyo salama siku zote". Hapana. Kuna vijana wanafanya hivyo kwenye matuta kwa kujiona waangalifu. Mfinyanzi laini wenye Su ya 15, zidisha kwa kigezo cha kubeba mzigo cha 5.14 unapata 77, gawa kwa uzito wa kifusi 19, tuta la mita 4 tu linafika ukingoni. Ukifanya hesabu ya maji huru, ukaweka φ' na maji ya ardhini ya kawaida, itakuambia lijenge. Haijui kwamba mzigo umepandisha presha, na kwamba mfinyanzi laini ukikatwa unajibana na kuipandisha zaidi.

Sisi tulimwaga mita 2, tukasubiri, udongo wa chini ukapata nguvu, ndipo tukapanda. Mita 2 za kifusi ni 38 kPa, na chini ya katikati ya tuta, maji yakishatoka, Su inaongezeka kama robo kasoro ya hiyo, yaani kama 8. Kutoka 15 unakwenda 23. Hiyo ndiyo inayokuruhusu kwenda juu.

#21 MamaPizomita

Hiyo ndiyo michango tunayoitaka, Nondo12. Na ongeza kwamba chini ya kingo za tuta nguvu haiongezeki hivyo, kwa hiyo asichukue 23 hadi pembeni.

#22 KijanaWaSaiti

Nimevunja mabonge kama Otieno alivyosema. Mengi yanapasuka kwenye nyuso zinazong'aa, na kwenye baadhi kuna rangi ya kutu ya maji yaliyopita zamani. Nimepeleka picha kwa wote wawili. Mshauri sasa anasema tupunguze mteremko hadi 1:3, lakini anataka kubaki na c' ya 12. Mkaguzi anataka 1:3, c' ya 2, na mifereji ya mawe inayoingia ndani ya mteremko. Eneo la barabara ni finyu, 1:3 yenyewe inakula shamba la mtu.

#23 HesabuKwanza

Kwa kanuni ileile ya Mama, 1:3 na c' ya 2, presha ya robo: FS 1.02. Yaani kulaza peke yake kunakuacha ukingoni, na ndivyo mikato mingi ya Londoni ilivyokuwa. Ukiondoa presha kabisa hadi mita 2.5, FS inakuwa 1.35. Kwa hiyo ile mifereji ya mawe ya mkaguzi ndiyo inayoongeza usalama kwa theluthi nzima. ShambaLaMlimani hakuwa mbali sana, ila mfereji unaohitajika ni wa ndani, si wa juu.

#24 ShambaLaMlimani

Nilisema mimi.

#25 MzeeWaReli

Na nani ataisafisha? Nimeona mifereji ya mawe imeziba tope baada ya misimu michache, hakuna aliyeipangia bajeti. Mteremko unaotegemea mfereji ni mteremko unaotegemea mtu. Mimi ningeomba 1:4 na kulipa fidia ya shamba mara moja.

#26 MamaPizomita

Mzee, 1:4 kwa mita 8 ni mita 8 zaidi za ardhi kila upande kuliko 1:3. Kwenye kilomita nzima hilo si shamba moja. Mimi ningefunga mifereji yenye kitambaa cha kuchuja na kuweka pizomita, yaani vipima presha ya maji ndani ya udongo, tatu au nne kwenye kina tofauti, moja karibu na kitako. Presha ikianza kupanda kuelekea ile robo, kuna muda wa kuchukua hatua, kwa sababu inapanda kwa miaka.

#27 MzeeWaReli

Ikiwa nyufa zinapitisha maji kama ulivyosema kwenye #13, inapanda kwa masika mawili.

#28 KijanaWaSaiti

Mkaguzi amekubali pizomita. Ameuliza swali moja ambalo sikuweza kulijibu: zikisoma presha hasi mwaka wa kwanza, kama Mama alivyosema inaweza kutokea, tuandike FS gani kwenye ripoti ya makabidhiano, ya leo au ya siku ambayo bado haijafika?

#29 OtienoWaUdongo

Ya siku ambayo haijafika. Mwenye mradi ananunua barabara ya miaka 50.

#30 HesabuKwanza

Zote mbili, pamoja na usomaji wa kila pizomita na tarehe yake. Na uandike ni c' gani umetumia, maana hapo ndipo mshauri wako atarudi na ile 12.